Kichwa kinauma kila ukiamka? Pima mto wako kabla ya kununua mwingine

Kwenye kazi yangu ya fiziotherapia napokea watu wengi wanaoletwa na kichwa, si shingo. Wameshapima malaria, wameshapima macho, na dawa za maumivu zimezoeleka mkobani. Ukiwauliza wanalalaje, wanashangaa. Mwongozo huu ni wa mtu anayelala kiubavu, maana ndiye anayeumizwa zaidi na mto usiomfaa. Wa chali na kifudifudi nitawagusa mwishoni.

Hatua ya 1: Hakikisha ni shingo

Kichwa kinachotokana na shingo huanzia kisogoni, pale fuvu linapokutana na shingo, mara nyingi upande mmoja, kisha hupanda hadi kwenye paji au nyuma ya jicho. Mishipa ya fahamu ya pingili tatu za juu za shingo hupeleka taarifa zake sehemu ileile ya ubongo inayopokea taarifa za uso, ndiyo maana jicho linauma wakati kilichobanwa kiko nyuma. Ukiamka, geuza kichwa kulia, kisha kushoto: mara nyingi upande mmoja hukataa kufika. Maumivu hupungua ukishaamka na kutembeatembea kwa saa moja au mbili.

Kama yako hayafanani na hayo, usianze na mto. Anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini, au anayesaga meno, naye huamka na kichwa kizito. Kama mnalala na jiko la mkaa chumbani kwa sababu ya baridi na mnaamka wote mnaumwa kichwa, huo ni moshi wenye sumu usioonekana: tokeni nje, tafuteni matibabu, na jiko lisirudi ndani. Ukimeza dawa za maumivu karibu kila siku, dawa zenyewe zinaweza kuwa chanzo. Homa pamoja na shingo iliyokakamaa, kichwa kilichopasuka ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, kutapika kila asubuhi, au mkono kufa ganzi na kukosa nguvu: hayo ni ya hospitali, leo.

Hatua ya 2: Pima pengo lako

Simama ubavu kwa ukuta, bega liguse ukuta bila kulisukuma, uso utazame mbele. Mwenzako apime kwa futi ya fundi cherehani kutoka ukutani hadi ubavuni mwa kichwa, juu kidogo ya sikio. Watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 10 na 15. Hilo ndilo pengo ambalo mto unatakiwa kulijaza ukilala ubavu. Mwenye mabega mapana anahitaji mto mrefu kuliko mwenzake wa kitanda kimoja, kwa hiyo kununua mito miwili inayofanana kwa sababu ya mapambo ya kitanda ni kumpa mmoja wao tatizo.

Hatua ya 3: Pima mto ukiwa na kichwa juu yake

Unene unaouona dukani haukusaidii. Mto wa sufi uliojaa vizuri unaweza kuporomoka hadi nusu ukiulalia, na wa vipande vya sponji huporomoka zaidi upande ambao vipande vimekimbia. Lala ubavu kama unavyolala siku zote, kaa hivyo dakika kumi hivi, kisha mwenzako apime kutoka usawa wa godoro hadi kwenye shavu linalogusa mto, karibu na sikio. Kama mto ni wa sufi, rudieni kipimo asubuhi kabla hujainuka. Tofauti inaweza kukushangaza.

Sasa godoro. Godoro laini humeza bega, na bega likizama pengo linapungua. Mto uliokufaa kwenye godoro gumu unageuka kuwa mrefu kwenye laini, ingawa hujaugusa. Na godoro kuukuu lenye shimo katikati huzamisha kiwiliwili chote huku kichwa kikibaki juu ukingoni. Hapo hata mto mwembamba unakuwa mrefu.

Hatua ya 4: Piga picha

Ukiwa umelala, mwenzako apige picha kutoka mbele, simu ikiwa usawa wa kitanda. Angalia mstari wa pua, kidevu na kishimo cha koo. Unatakiwa kunyooka na kwenda sambamba na godoro. Pua ikielekea juu kuliko koo, mto ni mrefu. Ikishuka kuelekea godoro, ni mfupi. Bega lisiwe juu ya mto. Mto uishie shingoni na kuijaza, maana kichwa kikiegemea peke yake shingo inaning'inia. Kumbatia mto mwingine kifuani ili bega la juu lisianguke mbele na kuivuta shingo.

Hatua ya 5: Rekebisha kidogokidogo

Chukua mfano wa fundi cherehani mmoja niliyemhudumia. Alilala ubavu wa kulia, na kila asubuhi kisogo kilimuuma kushoto hadi jichoni. Alikuwa amebadili godoro, akatoka kwenye jembamba gumu kwenda kwenye nene laini, na mito yake miwili ya sufi ikabaki ileile. Pengo lake ukutani lilikuwa sentimita 13. Kwenye godoro jipya bega lilizama kama 3 kuliko kichwa, kwa hiyo alihitaji kama 10. Mito miwili chini ya kichwa chake ilibaki na 15. Usiku kucha kichwa kilisukumwa kuelekea kushoto, na upande huo ndio uliobanwa.

Kutoa mto mmoja kulimwacha na 7, nayo ni kidogo mno. Angetoka tatizo moja akaingia lingine. Tulikunja taulo chini ya mto uliobaki, ndani ya foronya, ikafika 10. Siku za kwanza alilalamika kwamba kichwa "kinaning'inia", jambo la kawaida kwa shingo iliyozoea kupindwa. Asubuhi zenye maumivu zilipungua taratibu, ila siku za oda nyingi alipoinamia cherehani hadi usiku kichwa kilirudi. Mto haufuti kazi ya mchana.

Kwako, badilisha sentimita 1 au 2 kwa wakati, kaa na badiliko hilo wiki nzima, na andika asubuhi zenye maumivu. Taulo au kanga iliyokunjwa inatosha kwa majaribio. Mto wa sufi fungua mshono, punguza au ongeza, kisha ushone. Na uanike juani mara kwa mara usigande mabonge.

Wanaolala chali na kifudifudi

Chali huhitaji mto mfupi kuliko ubavu. Paji na kidevu viwe usawa mmoja. Kidevu kikigusa kifua, punguza. Taulo iliyoviringishwa kwenye mkunjo wa shingo husaidia. Kina dada, misuko minene iliyofungwa kisogoni huongeza urefu kama mto wa pili, kwa hiyo wiki ya kusuka punguza mto au fungia nywele juu kabisa.

Kifudifudi hakuna mto unaokuokoa, kwa sababu shingo imegeuzwa upande mmoja kwa saa nyingi. Weka mto mrefu ubavuni, uukumbatie kwa mkono na goti, ulale nusu ubavu. Utajikuta umerudi kifudifudi usiku. Jigeuze tu kila unapozinduka.

Wiki tatu zikipita bila mabadiliko yoyote, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia ukiwa na ile picha, vipimo na orodha ya asubuhi zako. Ataanza na viungo vya juu vya shingo, na vipimo hivyo vitamfupishia maswali mengi.