Ukipesti hesabu za Bongo kwenye Excel ya Ujerumani, angalia saruji isipotee

Hii ni kwa wale mlioko Ujerumani mna nyumba inasimama Kigamboni au Chanika, na kuna mtu Dar anakutumia hesabu za vifaa kwa WhatsApp halafu wewe unazipesti kwenye Excel ya laptop uliyonunua huku. Soma kabla hujagombana na ndugu yako. Mimi na mdogo wangu tulinuniana kwa ajili ya saruji, na saruji yenyewe ilikuwa kwenye meseji muda wote.

Habari ya kwamba Wajerumani wanageuza alama unaijua tayari. Sisi tunaandika 1,020,000.00 wao wanaandika 1.020.000,00 na hilo unalizoea ndani ya wiki ukiangalia bei dukani. Namba ndefu kama hiyo yenye alama mbili tofauti haikudanganyi, unaona tu alama ya mwisho ndiyo ya senti. Inayodanganya ni namba yenye alama moja na nyuma yake tarakimu tatu. 520,000 kwa mtu wa Buguruni ni laki tano na ishirini. Kwa Mjerumani ni mia tano ishirini kamili, na hizo sifuri tatu anaziona ni mapambo. Hakuna kitu kwenye namba yenyewe kinachokwambia ipi ni ipi. Pita sheli yoyote huku utaona lita ya petroli imeandikwa kama 1,749, yaani euro moja na senti sabini na nne na kipande, mgeni aliyeshuka juzi kutoka Dar anashtuka anadhani ni elfu moja mia saba. Wao wanaona ni kawaida kabisa kugawa senti mara kumi, watu hawa kwa hesabu ndogo ndogo siwawezi.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Dogo alituma hivi:

```
Saruji mifuko 60    1,020,000
Nondo                 520,000
Mchanga               360,000
Kokoto                450,000
Fundi                 750,000
Misumari na waya       85,500
```

Majina nikayaweka kolamu A, namba kolamu B, B2 mpaka B7, chini nikaweka jumla. Excel yangu ni ya Kijerumani, kwake koma ni desimali, basi 520,000 ikageuka 520, mchanga ukawa 360, kokoto 450, fundi 750, misumari 85,5. Jumla ikasoma 2165,5. Mtu yeyote anaona hiyo sio hesabu ya nyumba, hata banda la kuku hulijengi kwa shilingi elfu mbili, kwa hiyo nikajiambia aah dogo kaandika kwa maelfu, zidisha mara elfu moja. Nikapata 2,165,500 na ikapendeza macho, ni kiasi kinachoeleweka, nikatuma hiyo.

Mtego uko hapo hapo kwenye kuzidisha, narudia, usizidishe mara elfu. Angalia mstari wa saruji. 1,020,000 ina koma mbili, na kwa Excel ya Kijerumani namba haiwezi kuwa na desimali mbili, kwa hiyo haikuihesabu kama namba kabisa, imeiacha kama maandishi, sawasawa na ungeandika "shikamoo" kwenye ile seli. Na SUMME ikikutana na maandishi inayaruka kimya kimya, haikupi kosa, haiweki rangi nyekundu. Jumla halisi ni 3,185,500. Toa nilichotuma, pengo ni 1,020,000, saruji yote mifuko sitini. Yaani namba kubwa kuliko zote ndiyo inayodondoka, zile ndogo zinasinyaa zote kwa kipimo kimoja, na wewe ukizirudisha kwa mara elfu unaona umetibu kila kitu. Dogo anasema hela ya saruji haijafika, mimi nasema nimetuma yote, fundi kakaa anasubiri, mama anapiga simu kusuluhisha.

Namna ya kugundua ni rahisi sana ukishaijua. Namba halisi Excel inaisukuma kulia kwa seli, maandishi yanabaki kushoto. Mstari mmoja ukikaa kushoto wakati wenzake wako kulia, simama. Kama orodha ni ndefu macho yanachoka, weka hizi mbili pembeni:

```
=ANZAHL(B2:B7)
=ANZAHL2(B2:B7)
```

Ya kwanza inahesabu seli zenye namba tu, ya pili inahesabu kila seli yenye kitu. Kwangu ingetoa 5 na 6. Zikitofautiana kuna mstari haumo kwenye jumla yako. Kwenye Excel ya Kiingereza ni COUNT na COUNTA.

Dawa yenyewe ni kuizuia Excel isijifanye inajua. Kabla ya kupesti, chagua kolamu nzima uiweke mtindo wa Text, halafu ndo upesti, na upesti maandishi matupu bila mapambo ya kule yalikotoka. Sasa zote zitakaa kushoto kama zilivyotumwa, 520,000 inabaki 520,000. Kolamu ya pembeni unaandika:

```
=ZAHLENWERT(B2;".";",")
```

Maana yake unamwambia, hii iliyoko B2, nukta ndo desimali, koma ni ya kutenga elfu, nigeuzie. Angalia mpangilio, desimali inatangulia, ya elfu inafuata, ukizigeuza umerudi kule kule. Kwenye Excel ya Kiingereza inaitwa NUMBERVALUE, na kama kompyuta yenyewe nayo imewekwa mtindo wa Kiingereza, vipande vinatengwa kwa koma badala ya nukta mkato. Ipo kuanzia Excel 2013. Buruta mpaka chini, fanya jumla kwenye kolamu hiyo mpya, utapata 3185500 na ukitaka mapambo utaiwekea baadaye.

Ila fanya KABLA Excel haijazigusa. Nasema tena kabla. Ukishapesti kienyeji ikageuza, hii fomula haikuokoi, inakuzamisha zaidi. 520 itabaki 520 maana sifuri zake zilishatupwa. Misumari ndo kituko, ile 85,500 imeshakuwa 85,5 sasa fomula inaiona koma inadhani ni ya kutenga elfu inaifuta, unapata 855. Na saruji iliyobaki kama maandishi inageuka vizuri kabisa 1020000. Kwa hiyo kolamu moja ina mstari sahihi, mistari iliyopungua mara elfu moja, na mmoja uliopungua mara mia. Hapo hakuna cha kuzidisha kitakachokusaidia, futa yote urudi kwenye meseji uanze upya.

Wanaotumia Google Sheets wao waende File, Settings, Locale waweke United Kingdom kabla ya kupesti, itasoma koma kama sisi. Kubadilisha baadaye kunabadilisha sura tu, kilichokwishasinyaa kimesinyaa.

Kuna kingine kwenye idadi, sio kwenye hela. Mtu akikuandikia mchanga tani 2.5 ukapesti, Excel ya Kijerumani haioni mbili na nusu, inaona tarehe mbili mwezi wa tano, maana huku tarehe zinaandikwa kwa nukta. Seli itaandika 02. Mai na hapo angalau utacheka, lakini ndani yake kuna namba ya siku, kwa mwaka 2025 ni 45779, na ukizidisha idadi kwa bei inatumia hiyo. Niliwahi kuona bajeti ya mchanga inayotosha kufukia feri. Dawa ni ile ile ya Text kwanza.

Sasa nyie wa nyumbani, nawapenda ila tusikilizane. Kama dogo ana kompyuta, au hata simu yenye Excel, aandike humo atume faili lenyewe la xlsx. Ndani ya lile faili namba imehifadhiwa bila koma wala nukta za elfu, mapambo yanawekwa na kompyuta ya anayefungua, kwa hiyo Dar ataona 520,000 na mimi huku nitaona 520.000 na thamani ni ile ile. Kinachoharibika ni maandishi: meseji, PDF, CSV, kukopi na kupesti. Kama ni lazima meseji, basi andikeni 1020000 bila alama yoyote, najua haisomeki vizuri ila haina njia mbili za kuisoma. Halafu ile tabia yetu ya kuweka /= mwishoni, 520,000/=, watu wanaicheka ila kwenye hili inasaidia, maana inaifanya kila seli iwe maandishi, jumla inatoka sifuri na unajua mara moja kuna tatizo. Ukitaka kutumia ZAHLENWERT usiifute kwa kutafuta na kubadilisha, Excel inaweza kuisoma seli upya ikawa 520, iondoe ndani ya fomula yenyewe: =ZAHLENWERT(WECHSELN(B2;"/=";"");".";",")

Na jumla mtu aiseme kwa vois, "milioni tatu, laki moja na elfu themanini na tano, na mia tano". Mama yangu hajawahi kugusa Excel lakini hesabu yake ya vois haijawahi kukosea njiani.

Upande wa pili, ukiwapelekea watu wa ofisi za huku karatasi zetu, tuseme unadai nafuu ya kodi kwa sababu unawatunza wazazi, usidhani atakuelewa kwa sababu anajua nchi zingine zipo. Risiti ikisema TZS 450,000 kuna karani ataisoma shilingi mia nne hamsini na atakuuliza kwa adabu zote mzazi anaishije na hiyo. Mjerumani ukimwonyesha alama isiyo yake haulizi kama kuna namna nyingine ya kuandika, anadhani wewe ndo umekosea. Weka karatasi yako juu yenye orodha ya miamala, kila kiasi uandike kwa mtindo wao na senti zake mbili, 450.000,00, na euro pembeni. Zile senti mbili ndo zinazomaliza ubishi, kwa sababu zikishakuwepo alama nyingine haiwezi kuwa ya desimali.

Ukiwa na ndugu Ufaransa au Norwei wao wanatenga elfu kwa nafasi, 1 020 000, na kusema ukweli mimi naona ndo wana akili. Mkutano mkuu wa vipimo wa kimataifa mwaka 2003 ulisema hivyo hivyo, desimali iwe nukta au koma upendavyo, ila makundi ya tatu tatu yatengwe kwa nafasi tu. Tatizo lake ni ukiandika kwa nafasi ya kawaida namba inakatika mwisho wa mstari, moja inabaki juu na 020 000 inashuka chini, mtu anatuma elfu ishirini. Na nafasi unayokopi kwenye tovuti zao mara nyingi sio ile ya kibodi, ni ile isiyokatika, ukitafuta kwa kubonyeza spesi Excel inakwambia hakuna kitu. Kopi hiyo nafasi yenyewe kutoka kwenye seli uibandike kwenye kisanduku cha kutafuta, badilisha kwa patupu.

Uswisi wanatumia kistari cha juu, 1'020'000.00, desimali yao kwenye hela ni nukta kama sisi, na ZAHLENWERT inakubali hicho kistari ukikiweka mahali pa ile koma.