Hasira kazini: sikiliza mwili kabla hujajibu

Kwa wafanyakazi ninaowashauri hapa Kigoma, kinachowaponza mara nyingi ni lile jibu linalotoka katika sekunde za mwanzo. Mwili hutangulia mdomo, na hapo ndipo pa kuanzia.

Tumchukue karani wa ghala la dagaa Kibirizi. Bosi anaingia, makuli wamejaa, anapaza sauti: "Magunia mawili hayapo! Humu unahesabu nini?"

Hatua ya 1: Ijue dalili yako. Huyu hukaza meno, yule masikio huwaka moto, mwingine pumzi humpanda kifuani ikawa fupi. Kwa wiki mbili hivi, kila ukiudhika, andika siku hiyohiyo mwili ulifanya nini, kabla hujaandika nani alisema nini. Inayojirudia ndiyo yako. Karani wetu ameshagundua kwamba hubana kalamu mpaka kidole gumba kinauma. Ukingoja sauti itetemeke, umechelewa.

Hatua ya 2: Toa pumzi taratibu. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, toa ukihesabu hadi 6. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, mapigo ya moyo hupungua kasi. Bosi akiwa bado anasema, mbili zinatosha, na hakuna atakayejua. Wengi hukosea kwa kuvuta pumzi kubwakubwa harakaharaka. Kichwa kikianza kuzunguka, acha, pumua kawaida.

Hatua ya 3: Omba muda, na utaje ni kiasi gani. Ukiondoka kimya, ataona umemdharau. Sentensi iandae mapema, ukiwa umetulia: "Nimekusikia, bosi. Naomba nusu saa nipitie daftari la mapokezi, kisha nije." Nusu saa si anasa, maana mwili uliochemka huweza kuhitaji dakika 20 au zaidi kutulia.

Hatua ya 4: Utumie muda huo vizuri. Hapa ndipo wengi huharibu. Karani akienda kuwasimulia makuli alivyodhalilishwa, moyo unaanza kwenda mbio upya kila anaposimulia. Atembee kidogo ufukweni, anywe maji, ndipo afungue daftari. Utajua umetulia ukiweza kusema lalamiko la mwenzako kwa maneno ambayo yeye mwenyewe angeyakubali. Kama bado unamtungia jibu la kumkomesha, ongeza muda, lakini mjulishe.

Maumivu ya kifua au kukosa pumzi kusikoisha usikuite hasira, nenda hospitali. Na bosi anayetukana kila siku hadhibitiwi kwa pumzi zako: andika tarehe na maneno yake, upeleke kwa chama cha wafanyakazi au afisa kazi.

Hatua ya 5: Rudi kwa wakati uliosema. Anza na jambo la kazi, kisha lako. Karani anaingia ofisini na daftari: "Bosi, magunia mawili yalipakiwa alfajiri, saini ya dereva hii hapa. Nilipaswa kukujulisha mapema. Nina ombi pia: likitokea tena, uniite hapa ofisini, si mbele ya makuli."