Gauni limegeuka kijani, na shingo nayo
Juzi nilibadilisha gauni la maruni la mpambe wa harusi liwe kijani kwenye Photoshop, kwa leya ya Hue/Saturation. Gauni likatoka safi, ila shingo na mikono ikawa kama ya mgonjwa.

Usikimbilie kurekebisha ngozi. Kwanza bonyeza maski ya leya hiyo huku umeshika Alt uione peke yake. Yangu ilikuwa na ukungu wa kijivu hadi kidevuni, kwa sababu niliweka Feather kubwa mno. Nikapaka nyeusi kwenye maski hiyo kwa brashi laini, sehemu ya ngozi, na sehemu kubwa ya ukijani ikaondoka.

Kama picha imeshaunganishwa leya, au umebaki ukijani kidogo, pima kwa Eyedropper ya 5 by 5 Average. Shingo ya picha ya awali ilisoma R 142, G 98, B 74. Mpya, R 133, G 106, B 75. Kijani kimepanda, nyekundu imeshuka. Ongeza Curves, shusha mstari wa Green katikati, inua Red kidogo, hadi namba zikaribie za awali. Maski iguse ngozi tu. Weka hali ya Color, mwanga usibadilike.

Chini ya kidevu acha ukijani hafifu: kitambaa halisi hurudisha rangi yake hapo. Ukiufuta wote, gauni litaonekana limebandikwa.