Friji Halipumziki, Chini Joto, Juu Barafu: Usikimbilie Kuongeza Gesi

Mama mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma, anauza juisi na migebuka ya kugandisha. Aliniita kwa sababu maziwa yaliharibika sehemu ya chini ya friji lake la milango miwili, huku samaki wa juu wakiwa wagumu kama mawe. Kompresa ilikuwa inanguruma usiku na mchana. "Fundi, mwenzio kaniambia gesi imekwisha," akasema. Gesi ingekuwa imekwisha, samaki wale wasingekuwa wagumu hivyo.

Mwongozo huu ni wa friji zenye feni, zile ambazo kuta za friza hazijengi barafu. Ndani yake kuna evaporeta moja tu, yaani bomba lenye mapezi linalotoa baridi, imefichwa nyuma ya kava la friza. Feni huvuta hewa kupitia evaporeta hiyo, nyingine hubaki juu na nyingine hushuka chini kwa njia yake. Barafu ikiziba evaporeta, hewa haipiti. Friza huendelea kugandisha kwa kuwa iko jirani na baridi, lakini chini hakifiki kitu. Thamostati nayo haipati baridi inayoingoja, kwa hiyo haizimi kompresa.

Hatua ya 1: Sikiliza feni. Fungua mlango wa friza, kisha bonyeza kwa kidole swichi ya mlango. Feni isipozunguka, huenda imekufa au imekwama kwenye barafu. Ikizunguka lakini upepo unaotoka kule chini ni mdogo sana, endelea.

Hatua ya 2: Angalia sura ya barafu. Chomoa friji kwenye umeme, toa vyakula, fungua kava la nyuma ndani ya friza. Barafu nyeupe nene iliyofunika evaporeta yote maana yake mfumo wa difrosti, yaani taima, hita na thamostati yake vinavyoyeyusha barafu hiyo kila baada ya muda, haufanyi kazi. Barafu ikiwa kwenye kona moja tu, karibu na pale gesi inapoingia, na sehemu nyingine ni kavu, hapo ndipo uanze kushuku gesi. Kwa yule mama, mapezi ya evaporeta hayakuonekana kabisa.

Hatua ya 3: Pima kabla ya kuyeyusha. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea. Thamostati ya difrosti, kile kidude cha duara kilichobanwa kwenye bomba la evaporeta, hufunga njia ya umeme ikiwa kwenye baridi kali na huifungua ikipata joto. Ukiipima baada ya kuyeyusha barafu, hata nzima itasoma kama imekatika, na utanunua nyingine bure. Chomoa waya zake ikiwa bado imeganda, uweke mita kwenye omu. Nzima husoma karibu na sifuri. Ya yule mama haikusoma chochote, ingawa ilikuwa imezama kwenye barafu. Hiyo ilikuwa imekufa.

Pima na hita, usije ukabadilisha kimoja ukaacha kingine kibovu. Hita ya wati 150 kwa umeme wa volti 230 husoma karibu omu 350; ya wati nyingi zaidi husoma chini ya hapo. Isiposoma kabisa, imekatika. Hita yetu ilikuwa nzima.

Vyote viwili vikiwa vizima, shuku taima. Zile za kuzungusha zina kijiti unachokigeuza taratibu kwa bisibisi mpaka kilie "tak". Rudisha umeme: kompresa izime, hita ianze kupasha. Ikifanya hivyo kwa mkono lakini siku zote haifiki hapo yenyewe, taima imekwama. Friji za bodi ya kielektroniki hazina kijiti hicho, na sensa zake hupimwa kwa namna nyingine.

Hatua ya 4: Yeyusha bila kisu. Ukiwa umechomoa umeme, weka beseni la maji ya moto ndani ya friza, acha milango wazi, subiri. Bomba la evaporeta ni alumini laini. Ncha ya kisu ikilitoboa, gesi inatoka, na friji nyingi za sasa zina R600a ambayo inashika moto. Mimina pia maji ya uvuguvugu kwenye tundu la kutolea maji mpaka uyaone kwenye trei iliyo nyuma karibu na kompresa. Tundu likiziba, barafu itarudi hata kama umebadilisha kila kitu.

Hatua ya 5: Funga kifaa kipya. Thamostati mpya ibane bombani pale pale ilipokuwa ya zamani. Usiunganishe waya moja kwa moja kuiruka, hata kwa muda: hita itakosa wa kuikatisha, na plastiki ya ndani inaweza kuyeyuka au kuungua.

Washa friji, weka glasi ya maji yenye kipimajoto kwenye rafu ya katikati, usome kesho yake. Nyuzi 3 hadi 5 ndizo tunazotaka, na kompresa iwe inazima yenyewe. Baada ya wiki mbili fungua tena kava uangalie mapezi. Utando mwembamba wa barafu ni wa kawaida.