Somo: Kuandaa mwongozo wa maswali na kuendesha majadiliano ya kikundi na wauguzi wa wodi ya wazazi

Somo hili linafuata kisa kimoja. Mtafiti anataka kuelewa kwa nini patografu, yaani fomu ya kufuatilia maendeleo ya uchungu wa mama, hukutwa imejazwa baada ya mtoto kuzaliwa badala ya kujazwa hatua kwa hatua uchungu unapoendelea. Nimeichagua mada hii kwa sababu kila mkunga anajua jibu la darasani: mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa, na kufunguka kwa mlango wa kizazi hupimwa kila baada ya saa nne. Ukiuliza vibaya utapewa jibu hilo. Litakuwa sahihi kabisa, lakini hutakuwa umejifunza chochote kuhusu wodi ile.

Hatua ya kwanza: Tenganisha swali lako na maswali ya washiriki

Swali la utafiti ni lako wewe. Mshiriki hapaswi kulisikia jinsi lilivyo. Wengi wanaoandaa mwongozo kwa mara ya kwanza huchukua lengo mahususi la andiko lao, wakaliwekea alama ya kuuliza, na kulipeleka wodini: «Ni sababu zipi zinazowafanya wauguzi wasijaze patografu kwa wakati?» Swali hilo lina makosa mawili. Kwanza, limekwisha kuhukumu kwamba hawajazi. Pili, linaomba orodha, na orodha utakayopata unaweza kuiandika hata kabla hujafika: upungufu wa watumishi, upungufu wa vifaa, wingi wa wagonjwa. Sababu hizo ni za kweli, ila hazielezi kwa nini fomu hiyo hiyo iliyokosa muda saa nane usiku hujazwa kwa uangalifu mkubwa saa kumi na mbili asubuhi.

Jihadhari hasa na neno «kwa nini». Mtumishi wa umma aliyewahi kuandikiwa barua ya kujieleza hulisikia kama mwanzo wa barua nyingine. Neno «ilikuwaje» hufungua mlango ambao «kwa nini» huufunga.

Hatua ya pili: Andika maswali machache yanayoomba kumbukumbu

Kwa majadiliano ya dakika 60 hadi 90, maswali makuu matano au sita yanatosha. Mwongozo wa kisa chetu ulianza na swali ambalo kila mmoja angeweza kulijibu bila hofu: «Naomba kila mmoja atueleze amefanya kazi wodi ya wazazi kwa muda gani, na ni zamu ipi anaiona ngumu zaidi.» Swali la pili liliomba tukio: «Mkumbukeni mama mmoja mliyempokea akiwa na uchungu katika zamu ya usiku ya hivi karibuni. Bila kumtaja jina, tuelezeni ilivyokuwa tangu alipoingia mlangoni hadi mlipokabidhi zamu.» Neno patografu halimo katika swali hilo. Ikiwa fomu ina nafasi katika kazi yao itajitokeza yenyewe, na ikiwa wamesimulia uzazi mzima bila kuitaja, hilo nalo ni jibu.

Swali la tatu ndilo liliiweka fomu yenyewe mezani, ikiwa tupu, nakala moja kwa kila mshiriki: «Tuonyesheni sehemu inayowasaidia mkiwa na mama, na sehemu inayowapa shida.» Tumieni toleo linalotumika katika hospitali hiyo, maana Shirika la Afya Duniani lilitoa fomu mpya mwaka 2020, na si vituo vyote vinavyotumia fomu moja. Mikono ikishika karatasi, watu huacha kuzungumza kinadharia na kuanza kuonyesha kwa kidole. Swali gumu, la kujaza baada ya tukio, liliwekwa la nne, nalo liliulizwa kwa kuwahusisha wengine: «Wakunga wa vituo mbalimbali husema kwamba wakati mwingine fomu hukamilishwa mama akiwa ameshajifungua. Hapa kwenu hali ikoje?» Swali la mwisho liliuliza kama kuna jambo la maana ambalo hatukuliuliza.

Chini ya kila swali andika vidodosi, yaani maswali madogo ya kufuatilia jibu, viwili au vitatu, visizidi hapo. Kisha ujaribu mwongozo wako kwa wakunga wawili wasio wa hospitali hiyo. Swali ambalo wote wawili wanalijibu kwa neno «inatakiwa» liandikwe upya.

Hatua ya tatu: Nani akae na nani

Washiriki sita hadi wanane wanatosha. Jambo lenye uzito zaidi ni cheo. Katika kikundi changu cha kwanza kabisa, miaka mingi iliyopita, muuguzi mfawidhi wa wodi aliingia, akakaa pembeni kwa nia njema, nami sikuwa na ujasiri wa kumwomba atoke. Kwa saa nzima kila mtu alinisomea mwongozo wa wizara, na rekodi ile haikunifaa kwa lolote. Tangu siku hiyo wafawidhi nawahoji kila mmoja peke yake, tena kabla ya vikundi, ili wasihisi wametengwa. Wauguzi wasaidizi na maofisa wauguzi pia nawatenganisha pale ninapoona kwamba wadogo watangoja wakubwa waseme kwanza.

Msikutane ndani ya wodi, na msimwite muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. Saa nzuri ni baada ya makabidhiano ya mchana, katika chumba kilicho mbali na ofisi ya uongozi. Vibali vya maadili na vya uongozi viwe vimekamilika, lakini ridhaa ya kila mshiriki iombwe na mtafiti mwenyewe, isiwe kwa amri ya mkuu wa wodi. Mwelezeni pia ukweli huu: mtafiti anaweza kuahidi kutunza siri yeye, lakini hawezi kuahidi kwa niaba ya washiriki wengine.

Hatua ya nne: Kudodosa

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na Kiswahili chenyewe kinatusaidia. Sikilizeni vitenzi. Muuguzi anaposema «huwa tunapima» au «inatakiwa kupima», anasoma kanuni. Anaposema «nilipima», anakumbuka. Anaposema «fomu haikujazwa», amemficha mtendaji, na mara nyingi kuna jambo nyuma ya kitenzi hicho. Kazi ya mwezeshaji ni kumsogeza mtu kwa upole kutoka «hu-» kwenda «-li-».

Haya ni mazungumzo ya kikundi cha kisa chetu, yakiwa yamefupishwa:

Mshiriki wa 3: Kwa kweli huwa tunajitahidi kujaza. Zikibaki, asubuhi tunapika.
Mwezeshaji: Umesema «tunapika».
(Kimya. Wawili wanacheka kidogo.)
Mshiriki wa 3: Yaani, unajua alizaa saa ngapi, kwa hiyo unarudi nyuma.
Mwezeshaji: Hebu tuelezee mara ya mwisho ulivyorudi nyuma. Ulianzia wapi?
Mshiriki wa 3: Nilianzia sentimita kumi. Nikashuka. Mapigo ya mtoto nikaweka mia na arobaini, mia na thelathini na nane, yasifanane sana.
Mshiriki wa 6: Kwa sababu faili likikaguliwa halina patografu, unaulizwa. Likiwa nayo, hakuna anayeuliza ilijazwa lini.

Angalieni alichofanya mwezeshaji. Alirudisha neno la mshiriki jinsi lilivyo, kisha akanyamaza. Hakusema «mnaghushi?», wala hakutafsiri neno hilo kwa lugha ya ofisini. Halafu aliomba mara ya mwisho, si kawaida yao. Jibu la mshiriki wa 6 ndilo lililogeuza utafiti mzima: fomu ilikuwa imekoma kuwa chombo cha kumwangalia mama na imekuwa kinga ya mtumishi mbele ya mkaguzi. Orodha ya «upungufu wa watumishi» isingetufikisha hapo.

Kimya kiacheni kifanye kazi yake. Hesabuni hadi tano moyoni kabla ya kuokoa hali. Anayezungumza peke yake msimkatize kwa ukali. Mshukuruni, kisha geuzeni mwili na macho kwa wengine na kuuliza, «Nani ambaye kwake ilikuwa tofauti?» Swali «Mnakubaliana naye?» halifai, kwa kuwa adabu itawafanya wote waitikie.

Hatua ya tano: Kurekodi

Tumieni vifaa viwili, kinasa sauti katikati ya meza na simu iliyozimwa mawasiliano upande wa pili. Rekodini dakika moja ya majaribio mkiwa mmekaa jinsi mtakavyokaa, kisha muisikilize. Feni ya dari humeza sauti za wapole, na mvua juu ya bati humeza za wote.

Kinasa sauti hakioni. Kwa hiyo msaidizi achore mpangilio wa viti, awape washiriki namba badala ya majina, na aandike namba na maneno mawili ya kwanza kila mtu anapoanza kusema. Bila hivyo, mnukuzi hataweza kutofautisha sauti sita za kike zinazofuatana haraka. Aandike pia kichwa kilichotikiswa na mkono uliofunika fomu. Siku hiyo hiyo, mwezeshaji na msaidizi wakae kwa nusu saa waandike walichoshangazwa nacho. Unukuzi ufanyike neno kwa neno kwa lugha iliyotumika. «Tunapika» ibaki «tunapika».

Maswali ya wanachama

Mshiriki mmoja akikataa kurekodiwa, nimtoe?

Usimtoe kwa aibu mbele ya wenzake. Ndiyo maana ridhaa ya kurekodiwa huombwa kwa kila mmoja kabla ya kuingia chumbani. Akikataa, mpe nafasi ya mahojiano ya peke yake kwa kuandika kwa mkono. Akibadili nia katikati ya mazungumzo, zima vifaa vyote, endelea kwa maandishi, na ueleze hivyo katika ripoti.

Mwalimu, mimi ni muuguzi wa hospitali hiyo hiyo ninayefanyia utafiti. Wananiona mwenzao. Je, ni faida?

Ni faida na ni hatari pia. Watakuambia, «Wewe mwenyewe unajua,» na rekodi itabaki tupu. Wajibu hivi: «Ninajua ya kwangu, naomba nisikie ya kwako ili nisikuwekee maneno.» Ikiwa unapanga zamu zao au unawatathmini, mtafute mwezeshaji mwingine.

Nifanye vikundi vingapi?

Panga viwili au vitatu kwa kila aina ya washiriki, kisha uangalie. Kikundi kikikuletea visa vipya vyenye maelezo yale yale, umekaribia kutosha. Kikikuletea maelezo mapya, ongeza.

Mtu akisimulia kosa lililomdhuru mama au mtoto, nifanyeje?

Jambo hilo liamuliwe kabla, liandikwe katika maombi ya kibali, na washiriki waelezwe mwanzoni ni mambo gani hutaweza kuyaficha. Katika kikao, usimdodose zaidi mbele ya wenzake. Sema, «Asante, tutazungumza baadaye,» ulipeleke swali kwa mwingine, na baada ya kikao ukae naye faragha. Kwetu ilitokea mara moja. Mshiriki alilia, tukazima kinasa sauti, na sehemu hiyo haikunukuliwa kwa sababu yeye mwenyewe aliomba iondolewe.