Duara kutoka kwenye tao fupi: usiamini rediasi upesi

Ukitafuta duara linalopita karibu na nukta ulizopima, toa kwanza wastani wa x na wa y katika kila nukta, kisha tafuta a, b na c kwa njia ya miraba midogo kabisa:

```
x² + y² = a·x + b·y + c
r = sqrt(c + a²/4 + b²/4)
```

Kitovu ni (a/2, b/2). Kirudishie wastani ulioutoa. Nukta zikizunguka duara lote, jibu huwa zuri. Zikiwa kwenye tao fupi, tuseme nyuzi 30, na vipimo vinayumba, r huelekea kutoka ndogo mno. Kinachobanwa hapa si umbali d kati ya nukta na duara, bali takriban 2rd, kwa hiyo hesabu hupata nafuu kwa kuchagua duara dogo. Hapo lichukue jibu hili kama mwanzo tu, uliboreshe kwa Gauss-Newton ukipima umbali wenyewe.