Kwa nini choo huwa kigumu safarini

Utumbo mpana husukuma kinyesi kwa nguvu zaidi asubuhi, hasa muda mfupi baada ya kula, na mtu aliyezoea kwenda chooni saa 1 ambaye leo yumo ndani ya basi tangu saa 11 alfajiri hulazimika kuubana msukumo huo mpaka unapotea. Kinyesi kilichobaki huendelea kufyonzwa maji hadi kinakauka. Wengine hulaumu maji ya ugenini, lakini mara nyingi hayana kosa. Tatizo ni kwamba mtu hunywa kidogo kwa sababu hajaizoea ladha yake, au hujinyima akihofia kukosa mahali pa kujisaidia njiani. Ukifika, kunywa maji, kula, kisha kaa chooni dakika 10 bila kujikamua. Tumbo likiuma sana, ukitapika au ukiona damu, nenda hospitali.